Inklisirani: sindano ya lehemu ya mara mbili kwa mwaka, na nani huipewa

Swali tunaloulizwa mara nyingi kliniki ni hili: "Kama kuna sindano ya mara mbili kwa mwaka, mbona bado mnanipa vidonge vya kila siku?" Ni swali la haki, na jibu lake linaanzia kwenye ini.

Ini ndilo linalosafisha damu na lehemu mbaya, yaani LDL. Chembe zake zina vipokezi vinavyoinasa LDL inayopita, vikaizamisha ndani ili ivunjwe, kisha vikarudi juu kunasa nyingine. Lakini ini hilohilo hutengeneza protini iitwayo PCSK9. Protini hii hukishika kipokezi na kukipeleka kuharibiwa pamoja na mzigo wake. PCSK9 ikizidi, vipokezi hupungua na LDL hubaki ikizunguka kwenye mishipa.

Kuna watu waliozaliwa na jeni ya PCSK9 isiyofanya kazi vizuri. Utafiti uliochapishwa 2006 uliwafuatilia Wamarekani Weusi wenye hitilafu hiyo: LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88 kuliko kwa wenzao. Hapo ndipo watafiti walipoona kwamba kuinyamazisha protini hii kunaweza kumlinda mtu.

Inklisirani hufanya kazi hiyo bila kuigusa jeni yenyewe. Ni kipande kifupi cha RNA kilichofungiwa sukari ambayo chembe za ini huitambua, kwa hiyo karibu dawa yote huishia huko. Ikiingia, huukata ujumbe unaotoka kwenye jeni kabla haujageuzwa protini. DNA haibadilishwi. Nguvu yake hudumu miezi mingi, ndiyo maana sindano ya pili hutolewa baada ya miezi mitatu, kisha moja kila baada ya miezi sita. Dozi ni mililita moja na nusu chini ya ngozi, mara nyingi ya tumbo, na huchomwa na mhudumu wa afya.

Sasa, nani huipewa? Tuchukue utaratibu wa Uingereza, ambako taasisi ya NICE, inayoamua dawa zipi zitumike katika huduma ya afya ya umma, iliipitisha 2021. Mgonjwa awe ameshapata tatizo la mishipa, kama mshtuko wa moyo, kiharusi cha kuziba au mishipa ya miguu kuziba, na LDL yake ibaki milimoli 2.6 kwa lita au zaidi ingawa anatumia dawa nyingine kwa kiwango cha juu anachoweza kukivumilia.

Mfano: mama wa miaka 61 aliyewekewa stenti, kijibomba cha kuuweka wazi mshipa, baada ya mshtuko wa moyo. Ameandikiwa atovastatini miligramu 80, kidonge cha kila siku cha kundi la statini zinazoshusha lehemu, na LDL yake ni 3.9. Kabla ya kutaja sindano, tunamuuliza anavyomeza dawa zake. Anasema misuli ya mapaja inamuuma, hivyo huziruka siku tatu kwa wiki. Tunambadilishia statini, tunamwongezea ezetimibu, kidonge kingine cha kushusha lehemu, na baada ya miezi mitatu LDL ni 3.0. Amejitahidi, lakini bado yuko juu ya 2.6. Huyu anafaa. Katika majaribio ya awali inklisirani ilishusha LDL kwa takribani nusu, kwa hiyo tunatarajia afike karibu na 1.5. Mwanawe wa miaka 34 mwenye LDL 3.2, ambaye hajawahi kuugua moyo, hafai kwa utaratibu huu hata akiiomba.

Statini bado ziko mbele kwa sababu miaka mingi ya majaribio imeonyesha kwamba huzuia mishtuko na vifo. Majaribio ya inklisirani yaliyochapishwa 2020 yalipima kushuka kwa LDL; hayakuundwa kuhesabu mishtuko. Kwa swali hilo yaliandaliwa mengine makubwa, likiwemo ORION-4 linaloongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford.

Madhara yanayoonekana zaidi ni wekundu au maumivu pale ilipochomwa, na huisha. Wajawazito na wanaonyonyesha hawashauriwi kuitumia. Kwa waliorithi hitilafu kali ya vipokezi vya LDL kutoka kwa wazazi wote wawili, dawa husaidia kidogo sana, kwani vipokezi vya kuokoa hawana.

Tatizo tunalokutana nalo zaidi huja baadaye. LDL iliyoshuka hadi 1.5 inapanda tena hadi 2.8, na sindano haijakosekana hata moja. Hapo tunauliza vidonge viko wapi, na mara nyingi tunaambiwa viliachwa siku ile sindano ilipoanza. Sindano ikichelewa chini ya miezi mitatu, huchomwa na ratiba huendelea. Ikipita hapo, mgonjwa huanza upya: moja siku hiyo, nyingine baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita.