Fremu Moja Iliyosahaulika: Namna ya Kumwandikia Mhariri wa Video

"Kwenye dakika ya nne na kitu, mama anapoinuka, kuna kitu kimemulika. Kitoe." Maoni ya aina hii tunakutana nayo kila mara chuoni kwetu. Mhariri anarudia kipande hicho mara tatu na haoni kitu, naye aliyeandika anaapa kwamba amekiona.

Kweli amekiona. Mhariri alipobadilisha picha ya jikoni, aliacha fremu moja ya picha ya zamani kwenye maungio, kabla ya picha ya uani. Vipindi vya televisheni Tanzania na Kenya huenda kwa fremu 25 kwa sekunde, hivyo fremu moja hukaa milisekunde 40 tu. Jicho linashtuka, lakini halijui limeona nini.

Fremu hiyo ina anwani yake: 10:04:17:11, yaani saa, dakika, sekunde, na mwisho namba ya fremu. Hiyo 10 ya mwanzo isikutishe. Ni desturi ya vituo vingi vya televisheni kuanza kipindi kwenye 10:00:00:00, ili mistari ya rangi na kibao cha jina vikae kabla yake. Simu yako itaonyesha 4:17 tu, na ndani ya sekunde hiyo mna fremu 25 za kupekuliwa. Ndiyo maana mhariri mzuri hukutumia nakala yenye taimkodi, yaani anwani hizo za fremu, iliyochapwa juu ya picha yenyewe: simamisha, sogeza fremu moja moja, nakili namba unayoiona.

Hapo kuna mtego mmoja. Ikiwa nakala hiyo ilitolewa kwa fremu 30 kwa sekunde, fremu ya 11 itasomeka kama 13 au 14, na mhariri atakata mahali pasipo na kosa. Dalili yake ni rahisi kuiona: kwenye fremu 25 namba za mwisho huenda kuanzia 00 hadi 24. Ukikuta 27, usiandike maoni yoyote. Omba nakala nyingine.

Taja pia toleo ulilotazama. Mhariri akiondoa sekunde mbili kwenye 10:02:00:00, kosa letu linahamia 10:04:15:11, na maoni yote yanayofuata yanakosa shabaha. Kwa sababu hiyo mimi huwafundisha wanafunzi kuanza na maoni ya mwisho wakirudi nyuma, maana kukata mbele hakusogezi kilichotangulia.

Na fremu yenyewe isifutwe hivi hivi. Ukiifuta na kuziba pengo, kila kinachofuata kinasogea, na muziki uliopangwa kwenye mikato unapishana nayo. Mwanzo wa picha ya uani uvutwe nyuma kwa fremu moja, ufunike mabaki. Basi maoni yaandikwe hivi: "Toleo la 3, 10:04:17:11, fremu moja ya jikoni imebaki, anzisha picha ya uani hapo, urefu usibadilike."