Lebo tupu iliyompeleka fundi Kirumba badala ya Nansio

Karakana ninayoihudumia iko Nyakato, hapa Mwanza. Kazi yake ni kutengeneza mashine za barafu na vyumba vya baridi vya watu wa samaki. Wateja wengine wako mwaloni Kirumba, wengine Igombe, wengine ng'ambo ya maji huko Nansio, Ukerewe. Wote wanaandika barua pepe kwenye anwani moja, na skripti niliyoiandika mimi inaigeuza kila barua kuwa kazi kwenye ubao wa mafundi. Kichwa cha barua kinakuwa jina la kazi, mtumaji anakuwa mteja, na mistari ya ndani inagawanywa kwenye sehemu zake: mahali, kifaa, tatizo, muda.

Alhamisi moja fundi alifika Kirumba saa 3 asubuhi akiwa na geji zake na mtungi wa gesi. Mlinzi akamwambia mashine zote zinafanya kazi. Wakati huohuo mtunza stoo wa mteja yuleyule alikuwa Nansio, anapiga simu ofisini kwetu.

"Dada, habari za kazi baadaye, fundi yuko wapi? Barafu imeisha tangu usiku na sangara wako kwenye matenga."

"Pole sana kaka. Kwenye mfumo hapa inasomeka Kirumba."

"Kirumba nani kaandika? Mimi sijaandika Kirumba."

Alikuwa anasema kweli. Nilifungua barua yake ya asili, na neno Kirumba halikuwamo hata mara moja:

```
Mahali:
Kifaa: mashine ya barafu
Tatizo: inazunguka ila haigandishi
Muda: kesho saa 3 asubuhi
```

Mahali aliacha wazi. Kwake yeye lilikuwa jambo la kawaida, maana yuko Nansio siku zote na anatuma kutoka Nansio. Kosa linaanzia kwenye mstari huu mmoja wa skripti yangu:

```python
m = re.search(r"Mahali:\s*(.*)", mwili, re.IGNORECASE)
```

Nilikusudia kusema hivi: tafuta neno "Mahali:", ruka nafasi zinazofuata, kisha chukua maneno yote hadi mwisho wa mstari. Lakini alama `\s` haimaanishi nafasi ya kawaida tu. Inameza pia tabo na alama ya kushuka mstari. Lebo ikiwa na jibu mbele yake, `\s*` inaruka ile nafasi moja na mambo yanakwenda sawa. Lebo ikiwa tupu, inaruka mwisho wa mstari, inashuka chini, na mabano yanachukua kitu cha kwanza yanachokikuta. Kumbukumbu za skripti zilionyesha wazi kwamba sehemu ya mahali ilijazwa `Kifaa: mashine ya barafu`. Sehemu ya kifaa nayo ikapata jibu lake sahihi, kwa sababu ilitafutwa upya tangu mwanzo wa barua. Ndiyo maana kwa kuangalia sehemu ya kifaa tu usingeshuku chochote.

Sasa Kirumba ilitoka wapi? Hapa kuna kosa la pili, na naliona kubwa kuliko la kwanza. Miezi kadhaa nyuma niliongeza kanuni kwamba mahali pakiwa si mojawapo ya vituo tunavyovijua, mfumo uweke kituo kikuu cha mteja. Nilifikiri nawasaidia watu wanaokosea herufi. "Kifaa: mashine ya barafu" si kituo chochote, kwa hiyo kanuni ikaifuta na kuweka Kirumba, makao makuu ya yule mteja. Kama takataka ile ingebaki ubaoni, dada wa ofisini angeiona asubuhi na kupiga simu. Kanuni yangu iliisafisha ikafanana na jibu halali.

Marekebisho ya mstari wenyewe ni madogo:

```python
m = re.search(r"^Mahali:[ \t]*(.*)$", mwili, re.MULTILINE)
mahali = m.group(1).strip() if m else ""
```

`[ \t]` inaruhusu nafasi na tabo peke yake, hivyo utafutaji hauwezi kushuka mstari wa chini. Alama ya `^` pamoja na `re.MULTILINE` inataka lebo ianze mwanzoni mwa mstari. Hili la pili lilikuwa na sababu yake: mteja mmoja wa Igombe aliandika kwenye tatizo, "pampu inavuja, mahali: nyuma ya tangi". Skripti yangu haikujali herufi kubwa wala ndogo wakati ule, kwa hiyo "nyuma ya tangi" ingeweza kuchukuliwa kama kituo. `strip()` nayo inaondoa mabaki ya mwisho wa mstari, kwani mistari ya barua pepe huisha kwa herufi mbili zisizoonekana, na moja hubaki imeng'ang'ania neno. Ikibaki, "Nansio" ya barua na "Nansio" ya orodha yetu hazilingani, ingawa kwa macho ni neno lilelile.

Ile kanuni ya kituo kikuu niliiondoa kabisa. Mahali pasipotambulika pabaki patupu, kazi isiende kwa fundi, ikae kwenye safu ya "Kagua" ikiwa na barua ya asili imeambatishwa. Baada ya hapo nilirudi kwenye barua za zamani na kuzipitisha upya kwenye ule mstari wa kwanza wenye kosa, bila kanuni ya kituo kikuu, nikitafuta sehemu yoyote ambayo jibu lake linaanza na jina la lebo nyingine. Nilizikuta 11. Nyingi hazikumdhuru mtu kwa kuwa mteja alikuwa na kituo kimoja tu. Ukiwa na mfumo wa namna hii, fanya utafutaji huo leo, kwa maana jibu linaloanza na "Kifaa:" ndani ya sehemu ya mahali haliwezi kuwa na maelezo mengine.

Kuna njia nyingine ya barua kuingia pasipo pake, na hii haitokani na lebo tupu. Mteja anatafuta barua yake ya mwezi uliopita, anabonyeza Reply, anaandika juu: "Fundi, na ile ya Igombe imezima tangu jana." Chini yake barua ya zamani inabaki nzima, ikiwa na lebo zote. Maneno mapya hayana lebo, kwa hiyo skripti inashuka mpaka kwenye nukuu na kuzaa kazi ya mwezi uliopita kwa mara ya pili. Dalili yake ni kazi mbili zenye tatizo linalofanana neno kwa neno.

Dawa ni kukata nukuu kabla ya kutafuta lebo, ila kukata si rahisi kama inavyosemwa. Programu nyingine huweka alama ya `>` mbele ya kila mstari wa zamani. Nyingine haziweki, zinaanza tu na kundi la mistari ya `From:`, `Sent:`, `To:` na `Subject:`. Nyingine huweka mstari unaotaja tarehe na mwandishi, na lugha ya mstari huo hufuata lugha ya simu, kwa hiyo ukitafuta neno la Kiingereza `wrote:` utamkosa mwenye simu ya Kiswahili. Mimi nakata kwenye alama ya kwanza kati ya hizo itakayopatikana, na barua zetu zote zinazotoka zina mstari wetu wenyewe juu kabisa: "Andika jibu lako juu ya mstari huu." Huo tunaujua neno kwa neno, na ndio unaokata vizuri kuliko zote.

Lakini ukikata kila barua utawaumiza wanaosambaza. Meneja wa mteja anapokea malalamiko kutoka kwa mtunza stoo na kutusambazia bila kuongeza neno. Hapo habari yote iko chini ya alama, na ukikata unabaki na sahihi yake tu. Tena mtumaji kwenye mfumo anakuwa meneja, na fundi akimpigia simu kuulizia mashine, anaulizwa mashine gani. Kichwa kikianza na `Fwd:` au `FW:`, au mwili ukiwa na mstari wa `Forwarded message`, skripti haikati chochote. Inaipeleka barua kwenye "Kagua" ili mtu aisome na kuchagua mteja kwa mkono.

Muda nao una shida yake hapa kwetu. Maktaba za kusoma tarehe zinaichukulia "saa 3" kuwa 03:00. Saa 3 asubuhi ni 09:00, na saa 3 usiku ni 21:00. Nimeandika kanuni fupi: penye neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, hesabu kwa Kiswahili, penye mtindo wa `14:00`, iache ilivyo. "Saa 8:00" peke yake inarudi kwa mteja kuulizwa, kwa sababu wapo wanaomaanisha mchana, na wapo wanaosoma namba kwenye kioo cha simu na kumaanisha asubuhi. Na "kesho" ihesabiwe kwa saa za Tanzania. Seva yetu ilikuwa kwenye UTC, saa tatu nyuma yetu. Barua iliyotumwa 01:30 usiku, wakati ambao watu wa mwaloni wako macho, kwa seva ilikuwa 22:30 ya siku iliyotangulia, kwa hiyo "kesho" yake ikaangukia siku ambayo mteja anaiita leo.

Siku hizi barua yenye pengo hupata swali moja kwa wakati. Yule mtunza stoo wa Nansio aliacha mahali wazi tena wiki tatu baadaye, na mfumo ukamwandikia: "Tumepokea kazi K-2218, mashine ya barafu haigandishi. Iko kituo gani?" Swali linatumwa mara moja tu, na halitumwi kabisa kwa barua yenye mstari uliofichika wa `Auto-Submitted: auto-replied`, la sivyo mashine yetu na mashine ya mteja aliye likizo zitajibizana usiku kucha.

Akajibu kwa neno moja: "Nansio". Neno hilo halina lebo, na chini yake lilibeba nukuu ya swali letu zima. Skripti iliangalia `In-Reply-To` ikakuta namba ya barua ya swali, na kwa kuwa simu nyingine huipoteza namba hiyo, ikaangalia pia K-2218 kwenye kichwa. Ikakata kwenye mstari wetu, ikachukua mstari wa kwanza uliobaki, ikaulinganisha na orodha ya vituo, na kuuweka kwenye sehemu iliyokuwa imeulizwa. Fundi alipanda boti ya asubuhi kwenda Nansio.