Akiba ya Hija ya miaka miwili: usihesabu miezi 24

Mtu akiniambia ana miaka miwili ya kujiandaa kwa Hija, kitu cha kwanza ninachomuuliza ni tarehe ya kulipa, kwa sababu tarehe ya kusafiri haimsaidii sana kupanga. Kwanza, mwaka wa Kiislamu ni mfupi. Siku ya Arafa ilikuwa 8 Julai mwaka 2022, na 15 Juni mwaka 2024, yaani miaka miwili ile ilipungua siku 23. Pili, wasafirishaji hudai fedha miezi kadhaa kabla ya safari. Ukitoa hayo yote, mara nyingi unabakiwa na miezi kama 20 ya kuweka.

Tufanye hesabu ya mfano. Gharama ya leo ni 2,400,000 kwa sarafu yako, yoyote iwayo. Ukigawa kwa 20, unapata 120,000 kwa mwezi. Lakini tuseme gharama inapanda asilimia 8 kwa mwaka, na umepata mahali panapokupa faida ya asilimia 9 baada ya kodi. Wengi hapa hutulia: 9 imeizidi 8, basi thamani imelindwa.

Haijalindwa. Gharama inapanda yote kwa pamoja tangu siku ya kwanza, na baada ya miezi 20 imefika kama 2,730,000. Fedha zako zinaingia kidogo kidogo: ukiweka kila mwisho wa mwezi, ile ya mwezi wa kwanza inafanya kazi miezi 19, ya mwisho haifanyi hata siku moja, kwa hiyo wastani wake ni chini ya mwaka. Unaishia na kama 2,580,000, na umepungukiwa na 150,000 hivi. Ili ufike, unatakiwa kuweka 127,000 kwa mwezi.

Sasa tazama upande wa pili. Kama fedha zisingezaa chochote, ungehitaji 136,500. Tofauti kati ya mahali pazuri pa kuweka na kabati la nguo ni chini ya 10,000 kwa mwezi. Ndiyo maana simwelewi mtu anayepeleka akiba ya namna hii kwenye hisa. Faida ya ziada anayoifukuzia angeweza kuiziba kwa kuongeza kidogo anachoweka, ila bei ikianguka miezi mitatu kabla ya kulipa hana muda wa kusubiri ipande.

Dhahabu nayo ina sifa ya kutunza thamani, na kwa miaka 20 sina ubishi. Kwa miaka miwili ni habari nyingine. Septemba 2011 wakia moja ilifika karibu dola 1,900; Septemba 2013 ilikuwa kama 1,350. Kwenye vito kuna hasara nyingine ya gharama ya ufundi, ambayo mnunuzi hakurudishii. Hatifungani ya miaka 10, yaani kuikopesha serikali kwa muda huo, ina mtego wake pia. Serikali inaweza kulipa kila senti, lakini wewe unaiuza mwaka wa pili, na kama viwango vya riba sokoni vimepanda kwa pointi mbili za asilimia, bei yake inaweza kuwa imeshuka karibu asilimia 9.

Kwa hiyo natafuta kitu kinachoiva kabla ya tarehe ya kulipa. Fedha za miezi ya mwanzo zinaweza kwenda kwenye amana ya muda maalumu ya mwaka mmoja, au dhamana za serikali za muda mfupi. Za miezi ya mwisho zikae mahali pa kutolewa ndani ya siku chache, hata kama faida ni ndogo. Uliza mapema ukivunja amana utapoteza nini. Asiyetaka riba, na kwa Hija wengi hawaitaki, atafute akaunti ya mudharaba, ambapo benki inafanyia biashara fedha zako na mnagawana faida, au sukuk fupi, yaani hatifungani za Kiislamu zisizo na riba, akikumbuka kwamba faida ya mudharaba hukadiriwa tu, haiahidiwi. Malaysia walianzisha mfuko maalumu wa akiba ya mahujaji mwaka 1963 kwa sababu hiyo hiyo.

Linalosahaulika zaidi ni sarafu. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola kwa 3.75 tangu 1986, kwa hiyo anayeweka kwa sarafu inayoteleza dhidi ya dola ana deni linalokua bila yeye kuliona. Mwombe msafirishaji akutenganishie gharama: kipi anakilipa kwa riyali au dola, kipi kwa fedha ya nyumbani. Kama theluthi mbili ni za nje, theluthi mbili za akiba yako zikae kwenye akaunti ya dola, ukinunua kila mwezi ili usibahatishe siku ya bei nzuri. Faida ya akaunti hiyo itakuwa ndogo, na hapo sijali, maana inatembea pamoja na bili.

Akiba ya harusi ni rahisi kidogo kuipanga kuliko ya Hija: gharama nyingi ni za fedha ya nyumbani, na tarehe inaweza kusogezwa. Hija ukiikosa kwa wiki moja, unangoja mwaka, kwa bei mpya.