Neno "usahihi" katika maelekezo ya vifaa vya upimaji ardhi

Anayetafsiri maelekezo ya totali stesheni, kifaa cha kupima pembe na umbali, au ya kipokezi cha satelaiti hukutana na "usahihi" karibu kila ukurasa. Tatizo ni kwamba neno hilo moja limebebeshwa mambo matatu tofauti, na mpima akiyachanganya anaweza kuweka alama mahali pasipo pake huku kifaa kikimwambia mambo ni shwari.

Jambo la kwanza ni usahihi wenyewe, yaani kipimo kiko karibu kiasi gani na thamani ya kweli. La pili ni namna vipimo vinavyokubaliana vyenyewe kwa vyenyewe unaporudia kupima. Mimi huliita ukaribiano wa vipimo. La tatu ni tarakimu ndogo kabisa ambayo kioo kinaweza kuonyesha. Hili la tatu ndilo jepesi: totali stesheni inaweza kuonyesha pembe hadi sekunde 1, ilhali ni kifaa cha sekunde 5, yaani kosa lake la kawaida la pembe ni sekunde 5. Sekunde 5 za pembe kwa umbali wa mita 200 ni kama milimita 5 kando ya mstari, hata kioo kionyeshe nini. Kwa hiyo hapo nisiandike "usahihi wa sekunde 1". Niandike "kioo huonyesha hadi sekunde 1".

Kati ya la kwanza na la pili ndiko kuna hatari. Chukua mfano. Mpima ameweka kituo mama, yaani kipokezi kisichosogea, juu ya alama ambayo majiranukta yake yanajulikana, na mashariki yake ni mita 512340.250. Wakati wa kuingiza namba anageuza tarakimu mbili, anaandika 512340.520. Kituo mama sasa kinaamini kiko sentimita 27 mashariki ya pale kilipo, na masahihisho kinayotuma kwa kipokezi kinachotembea yanajengwa juu ya imani hiyo. Mpima anapima nukta moja mara tano, majibu yote yanaangukia ndani ya sentimita moja. Kwenye kioo, HRMS, namba ambayo kifaa hukadiria kosa la mlalo, inasoma mita 0.010. Vipimo vinakaribiana vizuri sana, na vyote vimekosea kwa sentimita 27.

Kinachofanya kosa hili liwe gumu kuonekana ni kwamba nukta zote zimesogea pamoja. Akichukua totali stesheni na kupima umbali kati ya nukta mbili alizoziweka, utalingana na ule uliokokotolewa kutoka kwenye majiranukta. Beringi kutoka nukta moja kwenda nyingine nayo haibadiliki, maana kusogeza mstari mzima bila kuuzungusha hakugusi mwelekeo wake. Dawa ni moja: aende na kipokezi kwenye alama nyingine inayojulikana, ambayo si ile ya kituo mama, aipime, kisha alinganishe. Tofauti ya mita 0.27 upande wa mashariki itajitokeza palepale.

Sasa fikiria maelekezo yaliyotafsiriwa hivi: "HRMS huonyesha usahihi wa nukta." Msomaji aliyeamini sentensi hiyo hana sababu ya kwenda kwenye alama ya pili. Mimi ningeandika: "HRMS ni makadirio ya kifaa kuhusu ukaribiano wa vipimo vya mlalo, haigundui kosa la majiranukta ya kituo mama." Ni ndefu zaidi, na ninaitetea.

Uangalifu huohuo unahitajika kwenye jedwali la sifa za kifaa, ambako kwa kawaida huandikwa kitu kama `2 mm + 2 ppm`. Nimeona tafsiri iliyosema "milimita 2 au sehemu 2 kwa milioni", kana kwamba mtu anachagua. Alama ile ni ya kujumlisha. Sehemu moja kwa milioni ni milimita 1 kwa kila kilomita, hivyo kwa mstari wa kilomita 1.5 sehemu ya pili ni milimita 3, na jumla ni milimita 5. Tena namba hizi mara nyingi hutolewa kama mchepuko sanifu mmoja, maana yake takriban vipimo 68 kati ya 100 huangukia ndani ya kiasi hicho. Vilivyobaki huvuka mpaka huo bila kifaa kuwa kibovu. Nikiandika "kosa halizidi milimita 5" nimempa msomaji ahadi ambayo mtengenezaji hakuitoa. Mimi huandika "mchepuko sanifu: milimita 5", na mara ya kwanza neno hilo linapotokea naweka chini yake mstari unaoeleza hizo 68 kati ya 100.