Je, wajua? Bili ya antivairasi isiyo na linki

*"Nimepata imeili inasema nimekatwa dola 399.99 za Norton, na mimi Norton sina. Hakuna linki, hakuna pa kuweka nywila, kuna namba ya simu tu ya kughairi. Sasa hapo wananiibiaje?"*

Wanakusubiri upige. Imeili hiyo haina kazi nyingine, na hakuna aliyekukata hata senti. Isome tena taratibu: haitaji benki yako, wala tarakimu nne za mwisho za kadi yako, kwa sababu aliyeituma hazijui. Mara nyingi hata jina lako halijui, ndiyo maana anakuita "Dear Customer".

Linki haikuwekwa, kwa makusudi. Vichujio vya barua taka hukagua linki na viambatisho vyenye virusi, na namba ya simu si kirusi. Tena maandishi yote, namba ikiwemo, huwekwa ndani ya picha au PDF, kichujio kisipate cha kusoma kirahisi.

Lakini sababu kubwa ni ya kibinadamu. Mtu akikupigia na kujidai ni wa kampuni fulani, wewe ndiye unayemhoji. Ukipiga wewe, mambo yanageuka: yeye ndiye anayekuuliza namba ya ankara, na wewe ndiye unayejieleza. Pia kupiga ni mchujo. Walioshtukia uongo hawapigi, kwa hiyo anayepiga ameshaamini nusu ya hadithi kabla hata simu haijapokelewa. Hata kiasi kimepimwa: dola 9 ungezipuuza, dola 9,000 ungekimbilia benki. Dola 300 hadi 500 zinauma vya kutosha, na bado zinafanana na bei ya programu.

Utapeli huu umeota mizizi Marekani hasa, ukivaa majina kama Norton, McAfee na Geek Squad, ambayo ni huduma ya mafundi wa kompyuta ya maduka ya Best Buy. Kwa mwaka 2023, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilipokea ripoti takribani 52,000 za watu waliojifanya ni Best Buy au Geek Squad, kuliko kampuni nyingine yoyote. Ndugu zetu walioko huko huzipata kama wengine wote.

Tuchukue mfano wa kubuni, Bi Zuhura, muuguzi mstaafu anayeishi Minneapolis. Anapiga. Anapokea kijana mpole, anamuomba radhi, anasema pesa zitarudi leo leo, ila lazima "ajaze fomu ya marejesho" kwenye kompyuta. Anamwelekeza apakue AnyDesk, kisha amsomee namba inayotokea kwenye dirisha lake. AnyDesk ni programu halali, mafundi huitumia kila siku kutengeneza kompyuta kwa mbali. Ndiyo maana antivairasi ya kweli inaweza kukaa kimya. Bi Zuhura akibonyeza kukubali, kijana yumo ndani, anaona kila anachokiona yeye.

Anamwambia aingie kwenye akaunti yake ya benki "ahakikishe pesa zimefika". Salio ni dola 2,310.45. Kwenye fomu Bi Zuhura anaandika 400. Ghafla fomu inasoma 40,000, na sauti ya upole inageuka kilio: "Mama, umefanya nini! Umeandika elfu arobaini! Nitafukuzwa kazi!" Anatazama salio, linasoma 42,310.45.

Hakuna dola iliyoingia. Ukurasa wa benki, kama ukurasa wowote wa mtandao, ukishafika kwenye kompyuta yako ni maandishi tu, na aliye kwenye kompyuta hiyo anaweza kuyabadilisha. Mstari uliokuwa hivi:

```html
<td>$2,310.45</td>
```

kijana ameugeuza hivi, skrini ikiwa imefanywa nyeusi kwa sekunde chache:

```html
<td>$42,310.45</td>
```

Jaribu mwenyewe kwenye kompyuta: bofya kwa kitufe cha kulia juu ya namba yoyote kwenye ukurasa wa habari, chagua Inspect, bofya mara mbili namba hiyo ndani ya dirisha la msimbo linalofunguka, andika unayotaka, bonyeza Enter. Kisha bonyeza F5, ya zamani inarudi. Badiliko halikufika popote nje ya skrini yako. Kijana analijua hilo, ndiyo maana hataki Bi Zuhura aguse kitu.

Wengine wana njia ya hila zaidi. Kama mteja ana akaunti ya akiba, wanahamisha pesa zake kutoka huko kwenda akaunti ya matumizi. Hapo F5 haisaidii, na hata akiangalia kwa simu salio limepanda kweli. Kinachowaumbua ni orodha ya miamala: pesa "iliyotoka kampuni" imeandikwa kuwa ni uhamisho kutoka akiba, na akiba imepungua kiasi kilekile.

Sasa zinadaiwa dola 39,600 "za ziada". Zinatakiwa kwa njia zisizorudi: kadi za zawadi, ambazo Bi Zuhura atazikwangua kama vocha na kusoma namba kwenye simu, au mashine ya bitkoini, au noti ndani ya boksi atakalokuja kuchukua mtu mlangoni. Ataambiwa pia akiulizwa benki aseme anakarabati nyumba. Nyumbani mtu atakuwa ameitambua mifupa yake: ni kaka mkubwa wa ile meseji ya "nimekutumia hela kimakosa, naomba nirudishie". Pesa ya uongo inaingia, ya kweli inatoka.

Ushauri wa "angalia anwani ya mtumaji" hausaidii siku zote. Ni kweli nyingi hutoka kwenye Gmail ya mtu binafsi, lakini nyingine hutumwa kwa kufungua akaunti ya PayPal na kutengeneza ankara halisi, namba ya tapeli ikiandikwa kwenye sehemu ya ujumbe wa muuzaji. Hapo anwani ni ya PayPal kweli. Bado ni ombi tu: ankara usiyoilipa haikati chochote. Badala ya kupiga, fungua programu ya benki yako uone kama kuna makato. Na usitafute namba ya kampuni kwa kugugo, maana matapeli hupachika namba zao huko pia. Tumia iliyo nyuma ya kadi yako, au ingia tovuti ya kampuni kwa kuandika anwani mwenyewe.

Kama umeshamruhusu mtu aingie kwenye kompyuta yako, usibishane naye. Kata intaneti, zima Wi-Fi au chomoa waya, hapo anatoka. Chukua simu, piga benki, uliza miamala ya leo kwenye akaunti zote, akiba ikiwemo. Badilisha nywila kwa kifaa kingine, sio kompyuta hiyo, mpaka fundi aikague na kuondoa alichoacha. Kama ulinunua kadi za zawadi, usitupe kadi wala risiti: piga kampuni iliyotoa kadi saa hiyohiyo, kwani salio ambalo halijatumika wakati mwingine huzuiwa. Walioko Marekani huripoti ReportFraud.ftc.gov na ic3.gov.

Na tegemea simu nyingine baada ya wiki chache, safari hii ya "mpelelezi" anayeweza kukurudishia pesa zako kwa ada ndogo. Namba ya aliyewahi kulipa huuzwa.