"Seva haifikiki" maana yake nini hasa?

Tiketi nyingi zinazofika kwenye dawati la huduma la kampuni za kukodisha seva huanza na maneno "seva haifikiki kwa ssh", na nyingi huishia hapo hapo. Kutofikika kuna maana moja tu: umetuma ombi la kuunganishwa na hakuna kilichorudi. Seva ikikujibu chochote, hata kama ni kukukataa, umefika.

Tazama mistari hii mitatu. Kila siku yote huandikwa kwa jina hilo moja:

```
ssh: connect to host 203.0.113.25 port 22: Connection timed out
ssh: connect to host 203.0.113.25 port 22: Connection refused
root@203.0.113.25: Permission denied (publickey).
```

Wa kwanza ni kimya. Kwenye Linux, kompyuta yako hurudia ombi kwa takriban dakika mbili kabla ya kukata tamaa, kwa hiyo kule kusubiri kwenyewe ni dalili. Wa tatu hauna ubishi: ssh ya upande wa pili inafanya kazi, ila haikubali ufunguo wako, na mtu wa mtandao hana cha kukusaidia.

Wa pili ndio unaopoteza muda wa watu. Jibu la kukataa hurudi papo hapo, na kwa kawaida hutoka kwenye seva yenyewe ikisema kwamba hakuna programu inayosikiliza poti 22. Yaani umeme upo, njia ipo, anwani ni sahihi, ila huduma ya ssh imesimama au imehamishiwa poti nyingine. Fundi aliyeambiwa "haifikiki" ataanza kukagua njia za mtandao, mahali ambapo hakuna tatizo. Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kuamua hivyo. Programu ya fail2ban, inayofungia anwani zilizokosea nenosiri mara nyingi, kwa mpangilio wake wa kawaida haikunyamazii, inakukataa. Kwa hiyo ukikataliwa ukiwa kwenye intaneti ya ofisini, jaribu tena kwa bando la simu. Ukipita huko, ssh ni nzima na kilichofungiwa ni anwani ya ofisi yenu. Ndiyo maana jaribio la kutoka mitandao miwili lina thamani kuliko kurudia lile lile mara kumi.

Ping nayo isitumike kama hukumu. Seva nyingi zimezuiwa kuijibu huku zikifanya kazi vizuri, na inayoijibu haijathibitisha lolote kuhusu poti 22. Pima poti yenyewe:

```
nc -vz -w 5 203.0.113.25 22
```

Huu hapa ujumbe ambao fundi anaweza kuufanyia kazi bila kuuliza swali la pili:

"Seva 203.0.113.25 haifikiki kwa ssh tangu leo 06:40 UTC. Niliingia bila shida 06:15 UTC, nikawasha ufw, nikatoka. Nimejaribu kwa intaneti ya ofisi na kwa data ya simu, kote napata Connection timed out. Ping inajibu. Kwa nc, poti 443 inafunguka, poti 22 haijibu. Nimeingia kwa konsoli ya kwenye paneli: `ss -tln` inaonyesha 0.0.0.0:22 inasikiliza, na `ufw status` inaonyesha 80 na 443 tu ndizo zimeruhusiwa. Sijabadilisha kitu kingine."

Saa imeandikwa kwa UTC kwa sababu logi za seva nyingi huandikwa hivyo. "Saa tatu asubuhi" ya Dar es Salaam ni 06:00 kwenye logi hizo, na fundi aliye Ulaya akitafsiriwa "saa tatu" neno kwa neno atakwenda kuchimba saa 03:00.

Jibu limo ndani ya ujumbe. Huduma inasikiliza, lakini fayawoli ya ufw inazitupa kimya kimya pakiti zote zinazoingia ambazo hazijaruhusiwa, na poti 22 haikuwekwa kwenye orodha. Aliyekuwa ameingia tayari hakukatwa, ndiyo maana kosa halikuonekana mpaka alipotoka na kutaka kurudi. Kwenye konsoli ile ile inatosha kuandika:

```
sudo ufw allow 22/tcp
```

Hata hivyo, katika ujumbe huu mzuri ningebadilisha sentensi ya kwanza. Seva inayojibu ping na kufungua poti 443 inafikika. Kisichojibu ni poti 22, na hivyo ndivyo ingeandikwa: "Poti 22 ya seva 203.0.113.25 haijibu tangu leo 06:40 UTC. Poti 443 inajibu."