Saa tatu yako si saa tatu ya simu: dhana potofu kuhusu mwanga wa usiku

Jirani yangu hununua dagaa kwenye soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kuwauza kwa jumla. Asubuhi moja alinijia na simu mkononi, uso umemkunjamana. "Mdogo wangu, kioo hiki kimeungua. Fundi kasema kibadilishwe." Niliitazama. Kweli, kila kitu kilikuwa cha njano, kama karatasi iliyomwagikiwa chai. Hasara ilikuwa imeshaingia: alitumiwa picha za dagaa kutoka kisiwa cha Ukara, akawaona wamegeuka rangi, akaamini wamenyeshewa wakiwa bado wameanikwa, akaukataa mzigo. Mwenzake akauchukua. Dagaa walikuwa weupe, wanang'aa kama sindano mpya.

Nilimuuliza kama simu huwa hivyo kutwa nzima. "Hapana, mchana inapona yenyewe." Hapo nikajua kioo hakina kosa, maana kioo kilichoungua hakiponi kwa kufuata saa.

Dhana: Nikiweka saa tatu, simu itaelewa ni saa tatu usiku

Alikuwa amesikia kwamba kupunguza mwanga wa bluu jioni husaidia usingizi. Akaingia Settings, Display, Night Light, yaani kichujio kinachoipa skrini rangi ya njano, kisha Schedule, akachagua kujiwekea saa mwenyewe. Alitaka ianze saa 3 usiku na kuzima saa 12 asubuhi, basi akaandika 3:00 na 12:00.

Simu haihesabu kama sisi. Kwake 3:00 ni saa tisa usiku, na 12:00 ni saa sita mchana. Kwa hiyo jioni, alipokuwa kitandani akijibu wateja, skrini ilibaki na mwanga wake mkali wa kawaida. Alipoamka saa kumi alfajiri kukagua picha za mizigo, kichujio kilikuwa tayari kinafanya kazi, na kiliendelea hadi adhuhuri. Kila kitu kilikuwa kinyume, na simu haikuwa imekosea chochote.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa saa 1 hadi saa 5 za usiku, jumlisha 18: saa 3 inakuwa 21:00. Saa 6 usiku huandikwa 0:00, na kuanzia saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri unatoa 6. Kwa saa za asubuhi na mchana, hadi saa 12 jioni ambayo ni 18:00, jumlisha 6, ila saa 12 asubuhi ni 6:00. Kama simu yako inatumia AM na PM, saa 3 usiku ni 9:00 PM. Ukikosea ukaweka 3:00 PM, kichujio kitawaka saa tisa alasiri, jua likiwa bado kali.

Yeye hulala saa tatu usiku, hivyo tulianzisha saa moja usiku, yaani 19:00, ili apate saa mbili za skrini laini. Kuzima tuliweka 4:00, saa kumi alfajiri, kwa sababu ndipo anapohitaji rangi za kweli. Ikitokea ana mzigo wa kukagua usiku, anashusha paneli ya juu na kuzima kwa kidole kimoja.

Jina la kitu hiki hubadilika kutoka simu hadi simu. Samsung wanakiita Eye comfort shield, iPhone ni Night Shift, na kwenye kompyuta ya Windows ni Night light. Popote kilipo, picha yenyewe haiguswi. Kinachobadilika ni rangi ambayo skrini inatoa. Ndiyo maana nilipomwambia apige picha ya skrini na kunitumia, kwangu ilifika nyeupe.

Dhana: Kufuata machweo na macheo ndiyo njia bora

Chaguo la Sunset to sunrise lina maana kubwa zaidi kwa watu wa mbali na ikweta. London, jua huzama kabla ya saa kumi jioni mwezi Desemba na baada ya saa tatu usiku mwezi Juni. Mwanza, mwaka mzima machweo huzunguka kati ya saa 12 na dakika kama 35 jioni na saa 1 na dakika kama 10 usiku. Saa uliyoiweka Januari itakufaa hadi Desemba.

Tena chaguo hilo linadai simu ijue mahali ulipo. Ukizima Location, mara nyingine ratiba hukwama na watu hudhani simu ni mbovu. Na hata likifanya kazi sawasawa, hukuachia njano hadi macheo, wakati mtu kama jirani yangu anahitaji rangi za kweli tangu saa kumi alfajiri. Mimi binafsi siligusi.

Dhana: Skrini ikishakuwa ya njano, kazi imekwisha

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Ndani ya jicho, mbali na seli za kuonea, kuna seli chache zenye kemikali iitwayo melanopsini. Kazi yake ni kuuambia ubongo kama nje ni mchana au usiku. Hushtuka zaidi na mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 480, ambao ni bluu, na zikishtuka ubongo hupunguza melatonini, homoni inayoandaa mwili kulala. Lakini hazijali rangi pekee. Zinahesabu pia mwanga ni mwingi kiasi gani. Skrini ya njano iliyowashwa hadi mwisho bado ni taa usoni.

Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha Rensselaer, Marekani, walipima Night Shift kwenye iPad wakaona kwamba kubadili rangi bila kushusha mwangaza huenda kusitoshe kuilinda melatonini. Kwa hiyo shusha mwangaza kwanza, kisha rangi. Zima taa ya chumba, fungua ukurasa mweupe, elekeza simu ukutani. Ukuta ukiangaza, mwanga bado ni mwingi. Kama umefika chini kabisa na bado inachoma, Android 12 na za baadaye nyingi zina Extra dim, inayoshuka chini ya kiwango cha kawaida.

Dhana: Mwanga wa bluu wa simu unapofusha

Hakuna ushahidi kwamba skrini inaharibu jicho, na ndivyo wanavyosema hata madaktari wa macho wa Marekani kupitia chama chao. Macho yanayowasha baada ya kukodolea simu kwa muda mrefu mara nyingi yamekauka, kwa sababu ukikodoa hupepesi kope vya kutosha. Njano haitibu hilo.

Dhana: Ratiba ya usiku inamfaa kila mtu

Jirani yangu ana kaka anayevua dagaa kwa taa, hasa siku za giza la mwezi. Hurudi ufukweni alfajiri na kulala saa mbili asubuhi. Nilipomweleza dada mtu kosa lake la 3:00 hadi 12:00, alicheka: "Basi hiyo ungemwekea yule." Hakukosea sana. Kaka huyo akitaka kichujio, 6:00 hadi 8:00 inatosha, kabla ya kulala.

Ila nisingemtumainisha sana. Akitembea kutoka mtumbwini hadi nyumbani jua limeshatoka, macho yake yanapokea mwanga mara nyingi zaidi ya ule wa simu yoyote, na kichujio hakina la kufanya hapo. Nilimwambia dada amnunulie kofia pana ya kurudia nyumbani, na pazia zito la dirishani.